Mapigo 116 yanayodanganya: kusoma moyo wa mtoto katika hatua za uchungu, kwa anayejiandaa na mtihani wa ukunga

Chukua swali hili. Mama yuko leba, njia imefunguka sentimita 7, na mkazo umeachia sasa hivi. Mwanafunzi anaweka Pinadi tumboni, anahesabu dakika nzima, anapata 116. Anakumbuka kwamba kawaida ni 110 hadi 160, anaweka nukta kwenye patografu, anahamia kitanda cha pili.

Mwanafunzi mwingine anasikiliza dakika ileile, mama yuleyule, ila anahesabu kwa vipande vya sekunde 15 na kuandika kila kipande pembeni: 24, 26, 31, 35. Ukijumlisha ni 116 vilevile. Sasa zidisha kila kipande kwa 4. Cha kwanza ni 96 kwa dakika, cha pili 104, cha tatu 124, cha mwisho 140. Moyo ulikuwa umeshuka hadi 96, na mkazo ulipokwisha ulichukua karibu dakika nzima kurudi mahali pake. Wa kwanza ameandika mtoto mzima. Wa pili amemkuta mtoto anayeanza kuishiwa oksijeni.

Nimesahihisha karatasi nyingi za ukunga, na hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapopoteza alama. Namba wanazijua. Kinachowaponyoka ni kuiweka namba mahali pake: mama yuko hatua gani ya uchungu, na mapigo yalihesabiwa wakati gani kulingana na mkazo. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kisha tutamchukua mama mmoja kutoka mapokezi hadi saa ya kwanza baada ya kujifungua.

Jua kwanza mama yuko hatua gani

Hatua ya kwanza huanza mikazo inapokuwa na mpangilio na mlango wa kizazi ukaanza kubadilika, na huisha njia inapofunguka sentimita 10. Ina awamu mbili. Ya mwanzo ni ya polepole: mlango wa kizazi unalainika, unapungua urefu na kufunguka kidogo kidogo, na inaweza kuchukua saa nyingi bila kuwa na tatizo lolote. Ya pili ni awamu ya kasi, na patografu huanzia hapo.

Inaanzia sentimita ngapi? Angalia karatasi uliyopewa kwenye swali. Patografu iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000 huanza sentimita 4. Mapendekezo ya shirika hilo ya mwaka 2018 yalisogeza mwanzo wa awamu ya kasi hadi sentimita 5, na fomu mpya ya kufuatilia uchungu iliyotolewa mwaka 2020 inafuata hiyo 5. Ukiona mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua vimechorwa mshazari, uko kwenye ile ya zamani. Jibu kwa karatasi iliyo mbele yako, usichanganye kanuni za fomu mbili.

Mistari hiyo miwili ina asili yake hapa hapa Afrika. Ilibuniwa na Philpott na Castle nchini Rodeshia, Zimbabwe ya leo, na kuchapishwa mwaka 1972. Mkunga wa kituo cha pembeni alihitaji kujua mapema ni mama gani apelekwe hospitali kubwa. Mstari wa tahadhari hupanda sentimita 1 kwa saa. Mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake, nafasi inayotosha kumsafirisha mama na kumchunguza upya kabla mambo hayajaharibika. Ukikumbuka safari ile, hutasahau kwa nini kuvuka mstari wa tahadhari maana yake ni kuongeza uangalizi na kufikiria rufaa. Si lazima iwe upasuaji.

Katika awamu ya kasi, mapigo ya mtoto husikilizwa kila nusu saa, na mikazo huhesabiwa kila nusu saa kwa dakika 10 kamili, mkono ukiwa juu ya tumbo. Mapigo ya mama nayo ni kila nusu saa. Presha hupimwa kila baada ya saa 4, na uchunguzi wa njia hurudiwa kila baada ya saa 4 isipokuwa kuna sababu ya kuuwahisha. Mkojo hupimwa kila mama anapokojoa, kwa protini na asetoni, na kiasi chake huandikwa. Chupa ikipasuka, rangi ya maji huandikwa, na mapigo ya mtoto husikilizwa palepale bila kungoja nusu saa itimie.

Niseme neno kuhusu saa, maana nimeona kosa hili likiharibu patografu nzima. Sisi husema saa 2 asubuhi, na saa ya ukutani inasoma 08:00. Mama akikuambia uchungu ulianza "saa 9 usiku", kwenye karatasi ni 03:00. Mwanafunzi anayeandika 09:00 amemnyang'anya mama saa 6 za uchungu, na mstari wote utasomeka uongo. Ongea na mama kwa saa yetu, andika kwa saa ya ukutani.

Hatua ya pili ni kuanzia sentimita 10 hadi mtoto atoke. Kwa mimba ya kwanza kwa kawaida haizidi saa 3, na kwa waliokwisha kuzaa haizidi saa 2. Hapa mapigo husikilizwa kila dakika 5. Mikazo ni mirefu, mama anasukuma, kichwa kinabanwa na kitovu kinaweza kuvutwa au kuminywa, kwa hiyo mtoto aliyekuwa salama saa nzima anaweza kubadilika ndani ya dakika chache. Hatua ya tatu ni kutoka kwa kondo la nyuma. Ya nne ni saa za mwanzo baada ya hapo, na nitazirudia hizo mbili kwa mama wetu.

Kusikiliza, moja baada ya jingine

Mwombe mama ruhusa, mwambie unachofanya, na umlaze akiwa ameinamia kidogo ubavuni. Mama aliyelala chali kabisa mfuko wa uzazi humkandamiza mshipa mkubwa wa damu unaorudi moyoni, presha hushuka, na mapigo ya mtoto hushuka nayo. Utakuwa umeleta tatizo kwa namna ulivyomlaza.

Papasa tumbo utafute mgongo wa mtoto. Mapigo husikika vizuri zaidi juu ya mgongo, karibu na bega. Mtoto aliyetanguliza kichwa husikika chini ya kitovu cha mama, upande ulioko mgongo, na kadiri kichwa kinavyoshuka na kuzunguka, mahali hapo husogea chini na kuelekea katikati. Aliyetanguliza makalio husikika usawa wa kitovu au juu yake. Kwa hiyo mahali uliposikia asubuhi huenda sipo utakaposikia mchana, na kuhama huko kunakuambia kwamba mtoto anashuka.

Weka upande mpana wa Pinadi tumboni, tega sikio kwenye upande bapa, kisha achia mkono. Mkono uliobaki huru ushike mapigo ya mama kwenye kifundo cha mkono. Usiliruke jambo hili. Mama aliyechoka, mwenye homa au aliyepungukiwa maji anaweza kuwa na mapigo 120 au 130, na mshipa wake mkubwa husikika tumboni, kwa Dopla hasa. Unachosikia sikioni kikienda sawasawa na unachohisi vidoleni, huyo ni mama. Nimeshuhudia karatasi iliyojaa "120, 120, 124" saa 3 mfululizo, na mtoto alizaliwa akiwa amefariki muda mrefu kabla. Mapigo yale yalikuwa ya mama yake.

Mara ya kwanza kabisa, sikiliza katikati ya mikazo, tumbo likiwa limelegea, ili ujue kiwango cha kawaida cha mtoto huyu. Wa 115 na wa 155 wote ni wazima. Ila wa 155 akishuka hadi 115 bado yuko ndani ya kawaida ya kitabu, na tayari ametoka kwenye kawaida yake mwenyewe.

Baada ya hapo, kila nusu saa, ngoja mkazo. Uhisi kwa mkono ukipanda, na unapoanza kuachia tega sikio. Endelea kusikiliza angalau dakika 1, na angalau nusu dakika ya hiyo iwe baada ya mkazo kwisha kabisa. Hesabu kwa vipande vya sekunde 15 na uviandike kimoja kimoja. Vikikaribiana, kama 35, 34, 35, 36, jumla yake ni 140 na huna la kuogopa. Vikipanda kama ngazi, jumla haina maana tena, isome ile ngazi.

Wanafunzi huuliza kwa nini tusisikilize mkazo ukiwa umetulia tu, ni rahisi na mama haumii. Sababu iko kwenye kondo. Mfuko wa uzazi unapokaza huminya mishipa inayoleta damu ya mama kwenye kondo, na kwa sekunde hizo mtoto huishi kwa akiba. Mkazo ukiachia, damu hurudi na akiba hujazwa. Mtoto mwenye akiba ya kutosha haoni tofauti. Asiye nayo huyumba, na kuyumba kwake kunaonekana mwishoni mwa mkazo na muda mfupi baada yake. Ukisikiliza dakika 3 baadaye utamkuta ameshapata nafuu, utaandika 140, na kila nusu saa utaandika 140 mpaka siku iharibike.

Kusoma ulichosikia

Anza na kiwango cha kawaida. Kikipanda kuzidi 160 na kubaki hapo, mguse mama kabla ya kitu kingine: pima joto, angalia midomo na ulimi, uliza amekunywa nini na lini. Homa, maambukizi ya maji ya uzazi baada ya chupa kukaa muda mrefu tangu ipasuke, upungufu wa maji mwilini, na dawa kama salbutamoli, zote hupandisha mapigo ya mtoto. Mtoto anayeanza kukosa oksijeni naye anaweza kupanda kabla hajashuka. Kwa hiyo mapigo 170 kwa mama asiye na homa, anayekunywa vizuri, hayana sababu nyepesi, yatoe taarifa.

Kikishuka chini ya 110 na kubaki hapo, hakikisha kwanza si mapigo ya mama, mgeuze ubavu wa kushoto, kisha uliza yapi yanaua haraka. Kitovu kimetangulia? Kuna damu ukeni na tumbo gumu lisilolegea, dalili ya kondo kubanduka? Mama mwenye kovu la upasuaji amepata maumivu ya ghafla na mikazo ikakoma, dalili ya mfuko wa uzazi kupasuka? Mikazo imezidi kwa sababu ya dripu ya oksitosini au misoprostoli? Mtahini anataka uyataje kwa jinsi utakavyoyatafuta, kwa mkono na kwa macho. Orodha iliyokaririwa haimtoshi.

Kisha mishuko ya muda. Mshuko wa mapema huanza na mkazo na kuisha na mkazo. Husababishwa na kichwa kubanwa, na huonekana zaidi uchungu ukiwa umekomaa, kichwa kikiwa chini. Ukiwa peke yake, kiwango cha kawaida kikiwa kizuri na maji yakiwa safi, endelea kufuatilia. Mshuko wa kuchelewa huanza mkazo ukiwa umeshapanda, hufika chini kabisa baada ya kilele, na hurudi mkazo ukiwa umeshakwisha. Huo ni wa kondo kutoleta damu ya kutosha. Mshuko wa tatu hauna ratiba: huanguka ghafla, huinuka ghafla, mara na mkazo mara bila mkazo. Huo ni wa kitovu kuminywa, na ukiusikia mara tu chupa ilipopasuka, vaa glavu uchunguze njia, huenda kitovu kimetangulia kichwa.

Kwenye mshuko wa kuchelewa kuna mtego, na wengi hunaswa. Kina cha mshuko hakipimi hatari. Mshuko wa kutoka 140 hadi 125 tu, ukijirudia baada ya kila mkazo, unaweza kuwa wa mtoto mgonjwa kuliko yule anayeshuka hadi 90 na mkazo kisha kuinuka nao. Tazama kwanza saa ya kurudi na kama unajirudia, ndipo utazame umeshuka kiasi gani.

Kuna mambo ambayo Pinadi haiwezi kukuambia. Mchezo mdogo wa mapigo, ule wa 5 hadi 25 kwa dakika unaoonyesha ubongo wa mtoto uko macho, huonekana kwenye karatasi ya kadiotokografu. Umbo kamili la mshuko nalo ni hivyo hivyo. Ukiulizwa umesikia nini kwa Pinadi, sema kiwango, kama mdundo ni sawa, kama yalishuka, na yalirudi lini. Ukiandika "mchezo wa mapigo ni mzuri" wakati swali limekupa Pinadi, umeripoti kitu ambacho sikio halikuweza kukipata.

Mama mmoja, saa kwa saa

Huyu ni mama wa mfano, wa aina inayopendwa kwenye mitihani. Umri miaka 26, mimba ya pili, mtoto mmoja hai aliyezaliwa kwa njia ya kawaida, wiki 39. Anafika saa 12 asubuhi, 06:00. Mikazo 3 kwa dakika 10, kila mmoja sekunde 35. Kichwa kinapapaswa 3 ya 5 juu ya nyonga, njia sentimita 5, chupa nzima. Mapigo ya mtoto 140, presha 118/74, mapigo ya mama 84, joto 36.8. Kwenye patografu yenye mistari, alama ya sentimita 5 inawekwa juu ya mstari wa tahadhari, na saa 06:00 huandikwa chini yake.

Saa 10:00 uchunguzi wa pili. Njia ni sentimita 7. Mstari wa tahadhari ulifika 7 saa 08:00, kwa hiyo mama yuko saa 2 kulia kwake, na mstari wa kuchukua hatua kwa sentimita 7 uko saa 12:00. Mikazo imepungua, 2 kwa dakika 10, sekunde 25. Chupa imepasuka yenyewe wakati wa uchunguzi, maji ni safi, kitovu hakiguswi, mifupa ya kichwa haijapandana. Mapigo yanasikilizwa hapo hapo: 142. Mkunga anamwita daktari. Anamchunguza, anaona nyonga inatosha na mikazo ndiyo dhaifu, anaagiza dripu ya oksitosini. Inaanza 10:30 kwa matone machache, ikiongezwa kila nusu saa. Zingatia kwamba mama huyu amezaa tayari. Kwa aliyekwisha kuzaa, mfuko wa uzazi huitikia oksitosini kwa nguvu na unaweza kupasuka, kwa hiyo dripu hii haiachwi bila mtu pembeni.

Saa 11:30 mkunga anaweka mkono tumboni dakika 10 na kuhesabu mikazo 6, mingine sekunde 50, na kati yao tumbo halilegei vizuri. Pedi ina maji ya kijani. Anasikiliza mkazo unapoachia: 24, 26, 31, 35. Anangoja mkazo unaofuata, anasikiliza tena, ngazi ni ileile.

Weka mambo matatu pamoja. Mikazo imezidi 5 kwa dakika 10, maana yake kondo halipati muda wa kujaza akiba. Mapigo yanarudi kwa kuchelewa, maana yake akiba imepungua kweli. Maji yaliyokuwa safi yamegeuka kijani, maana yake mtoto ametoa choo baada ya 10:00. Kinyesi peke yake si hukumu, watoto wengi wa wiki 40 hutoa choo bila shida. Kinyesi kipya kikifuatana na mshuko wa kuchelewa ni ushahidi wa pili wa jambo moja.

Anafunga dripu ya oksitosini. Hilo ndilo la kwanza, kabla ya simu na kabla ya kuandika, kwa sababu ndilo linaloondoa chanzo. "Mama, geuka ulale ubavu wa kushoto, nakushika." Anaita msaada, anapima presha na mapigo ya mama, 114/70 na 92, anachunguza njia na kuona kitovu hakipo, sentimita 8. Mama midomo imekauka na mkojo wa mwisho ulikuwa na asetoni, basi anapewa maji ya kawaida ya mshipani kwa mrija mwingine. Oksijeni hapewi. Mama anapumua vizuri, na hakuna ushahidi mzuri kwamba oksijeni ya ziada kwa mama wa namna hiyo humsaidia mtoto. Majibu ya zamani ya mitihani bado huitaja. Ukiitaja, iweke kwa mama aliyepungukiwa oksijeni mwenyewe.

Simu kwa daktari iwe hivi: "Daktari, ni mkunga wa leba. Mama wa kitanda cha 3, mimba ya pili, yuko kwenye oksitosini tangu saa 4 na nusu. Ana mikazo 6 kwa dakika 10. Mapigo ya mtoto yanashuka hadi 96 baada ya mkazo na kurudi 140 polepole, mara mbili mfululizo. Maji yamekuwa ya kijani. Njia sentimita 8, kitovu hakipo. Nimefunga dripu, nimemlaza ubavu, anapewa maji. Naomba uje sasa." Mtahini wa vitendo husikiliza kama umesema umefanya nini na unaomba nini. "Daktari, mapigo siyo mazuri" humwacha aulize maswali 6 wakati mtoto anangoja.

Saa 11:45 mikazo ni 4 kwa dakika 10 na tumbo linalegea katikati. Mapigo: 34, 35, 35, 36. Mtoto amejaza akiba. Daktari amefika, chumba cha upasuaji kimearifiwa, dripu haifunguliwi tena, na mapigo yanasikilizwa baada ya kila mkazo. Kama mshuko ungeendelea baada ya hatua hizi, njia ya kumtoa ingetegemea yuko wapi: njia ikiwa imefunguka yote na kichwa kiko chini, kwa vakyumu, vinginevyo, kwa upasuaji. Hapa ndipo kujua hatua ya uchungu kunapoamua jibu la mapigo. Mapigo yaleyale, sentimita 8, ni upasuaji. Sentimita 10 na kichwa mlangoni, ni dakika chache za kumsaidia mama.

Kwenye karatasi usiandike 116. Weka nukta ya 96 na nukta ya 140, andika "mshuko baada ya mkazo, umerudi ndani ya sekunde 45", saa 11:30, na chini yake saa dripu ilipofungwa. Anayepokea zamu asome hadithi nzima bila kukuuliza.

Saa 12:35 mama anahisi kusukuma, njia imefunguka yote. Kila dakika 5: 138, 136, mara moja 120 na mkazo na kurudi nao, 138. Saa 12:58 mtoto anazaliwa, analia mwenyewe, anakaushwa na kuwekwa kifuani kwa mama. Analia, basi hanyonywi mdomo na pua kwa mpira kwa sababu tu maji yalikuwa ya kijani. Alama za Apga ni 8 dakika ya kwanza na 9 ya tano.

Saa ya kwanza baada ya kuzaa

Mkunga anapapasa tumbo kuhakikisha hakuna mtoto wa pili, na ndani ya dakika 1 mama anachomwa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli wa paja. Usiruke kupapasa. Dawa hiyo ikitolewa pacha akiwa bado ndani, mfuko wa uzazi unamkaza. Kitovu kinabanwa na kukatwa baada ya dakika 1 hadi 3. Kondo hutolewa kwa kuvuta kitovu taratibu mfuko wa uzazi ukiwa umekaza, mkono mwingine ukiuzuia juu ya mfupa wa kinena ili usigeuke ndani nje. Linatoka 13:06, linakaguliwa kwenye meza: nyama zote zipo, utando umekamilika. Likikaa zaidi ya dakika 30 limekwama na linahitaji msaada. Damu imekadiriwa mililita 250.

Sasa kila dakika 15 kwa saa 2: presha, mapigo, ugumu wa mfuko wa uzazi na urefu wake, damu kwenye pedi, kibofu. Saa 13:15 na 13:30 kila kitu kiko sawa. Saa 13:45 presha ni 112/70, nzuri tu, lakini mapigo ya mama yametoka 86 hadi 104, pedi imelowa yote, na mfuko wa uzazi ni laini, umepanda juu ya kitovu na kuegemea kulia. Presha ni ya mwisho kuanguka, mapigo hutangulia. Na mfuko uliopanda na kwenda upande mmoja kwa kawaida una kibofu kilichojaa chini yake. Mkunga anausugua ukaze, anamsaidia mama akojoe, unatoka mkojo mililita 500, kisha anapapasa tena. Mfuko umeshuka chini ya kitovu, katikati, mgumu. Pedi mpya inawekwa na kupimwa peke yake ili damu ya baada ya hapo isichanganyike na ya mwanzo. Saa 14:00 mapigo ni 88, pedi ina doa dogo, na mtoto ananyonya.